Kurudisha Bidhaa na Waranti: Haki Zako Mteja Wetu

Umenunua friji, pasi au simu hapa dukani kwetu Kariakoo na inasumbua? Irudishe ndani ya siku 7. Ikiwa ni mbovu tangu kiwandani, chagua mwenyewe: tukubadilishie au tukurudishie pesa yako yote. Zamani risiti zetu ziliandikwa "bidhaa ikiuzwa hairudishwi". Tumeyafuta maneno hayo kwa sababu hayakuwa haki.

Waranti ni miezi 12 kuanzia tarehe ya risiti. Fundi na vipuri ni juu yetu, hulipi hata shilingi. Haihusu kifaa kilichoanguka, kilichoingia maji au kilichofunguliwa na fundi mwingine.

Risiti imepotea? Njoo na ujumbe wa malipo ya simu, unatosha. Tusipoelewana, una haki ya kulalamika Tume ya Ushindani.