Faragha: mafaili yanakwama kati ya ofisini na bandarini

Shikamoo Mama Mushi,

Nimeona nikuandikie badala ya kuja ofisini kwako. Ule ukuta wa kioo unafanya kila anayekaa mle zaidi ya dakika 5 aulizwe akitoka mlikuwa mnaongea nini, na jambo hili naomba kwanza libaki kati yetu wawili.

Ni kuhusu Hamisi na Rehema. Kwamba siku hizi hawaelewani, naamini umeshaliona. Ambalo huenda halionekani kutoka ulipokaa ni namna kazi inavyolala katikati yao. Kila faili letu lazima lipite kwa hao wawili: Rehema anaandaa nyaraka na kuingiza dikleresheni, Hamisi anasimama kwenye ukaguzi na kutoa mzigo. Mimi niko dawati la wateja na bili, kwa hiyo napokea kutoka pande zote mbili, na mteja akichoka kusubiri simu anayoipiga ni yangu.

Yalikoanzia siyajui na sijaulizia. Kuna maneno yanayozunguka, lakini sikuyashuhudia, kwa hiyo sitayaandika hapa. Nitakuandikia yale tu yaliyopita mezani kwangu.

Lile kontena la futi 40 la vigae, la mteja wetu wa Kariakoo. Forodha waliliachia Jumanne saa 8 mchana. Kodi ilikuwa imelipwa, deliveri oda tulikuwa nayo tayari, na siku za bure bandarini zilikuwa zinaisha Jumatano. Rehema aliweka faili kwenye trei ya kutoka, kama utaratibu wetu unavyosema. Hamisi alikuwa bandarini tangu asubuhi akisubiri aambiwe, na Jumatano alipitiliza huko huko kwa sababu alikuwa na ukaguzi wa mzigo mwingine. Faili aliliona Alhamisi. Gari likapatikana Ijumaa, mzigo ukatoka na storeji ya siku 2 juu yake. Ukimuuliza Rehema atakwambia faili lilikuwa kwenye trei, na kweli lilikuwepo. Ukimuuliza Hamisi atakwambia hakuna aliyempigia, na kweli hakupigiwa. Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi, na sioni aliyevunja utaratibu. Kilichokosekana ni ile simu ya nusu dakika waliyokuwa wakipigiana zamani bila kuagizwa na mtu: “Kaka, mzigo umeachiwa, tafuta gari.”

La pili ni mzigo wa transiti wa Lubumbashi. Kwenye ukaguzi Hamisi alihesabu maboksi 402, wakati dikleresheni inasoma 420, kama muuzaji mwenyewe alivyoandika kwenye orodha ya mzigo. Kosa lilitoka huko huko kwa muuzaji. Hamisi aliandika hesabu nyuma ya risiti ya mafuta, akaja mpaka mezani kwangu, akaniambia, “Mpe mwenzio.” Rehema alikuwa amekaa hatua 3 kutoka pale. Mimi nilikuwa na mteja mbele yangu, nikaweka ile risiti chini ya kikokotoo, nikaja kuikumbuka kesho yake asubuhi. Hilo ni langu, na naomba radhi. Rehema alipoipata, ndani ya nusu saa alikuwa ameshaomba marekebisho forodha. Lakini siku nzima ilikuwa imekwenda, na dereva wa watu amelala yadi na gari tupu.

Risiti ile ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike. Maana siku hizi habari za mzigo zinapita kwangu, au kwa yule kijana wa mafunzo kwa vitendo, na sisi wote wawili si watu wa kuzibeba. Kijana huyo Ijumaa alitumwa kwenda na kurudi mara 4 kwa faili moja, akiulizwa msimbo wa HS na namba ya sili, vitu ambavyo hajavijua vizuri bado. Nilimwona anaandika namba kwenye kiganja ili asikosee. Ameletwa kwetu ajifunze kazi, na akikosea tarakimu moja tutaingia gharama sote, kisha lawama itamwangukia yeye.

Mama, naomba usinielewe kwamba nalalamika juu ya watu hawa. Rehema ndiye aliyekaa hapa mpaka saa 2 usiku wakati mfumo ulipokuwa unakatika, akahakikisha kila dikleresheni ya siku ile imeingia. Hamisi nimemwona akirudi kutoka yadi amelowa chapachapa, na nyaraka za mteja zikiwa kavu ndani ya shati. Kazi wanaijua na wanaipenda. Zamani saa 4 walikuwa wanagawana chapati pale karibu na mashine ya fotokopi, na mafaili mengi yalimalizwa pale pale na kikombe mkononi. Sasa Hamisi anakunywa chai kwa mama ntilie wa nje ya geti, na Rehema hainuki mezani mpaka mchana. Inaniuma, na naamini hata wao inawauma.

Ninachoomba ni hiki. Jambo hili lisiwekwe mezani kwenye kikao cha Jumatatu. Mbele za watu kila mmoja atalazimika kujitetea, na likishasemwa hadharani kurudi nyuma ni kazi. Ukiona inafaa, uongee na kila mmoja peke yake, na uanze kwa kumuuliza kazi inakwendaje upande wake, kwa sababu nadhani kila mmoja anaona ni yeye peke yake anayebeba mzigo. Wanakuheshimu. Wewe ukiwauliza watasema, kwangu hawawezi kusema.

Na pembeni ya mazungumzo hayo, ingesaidia utaratibu wenyewe ukabadilishwa kwa wote, bila kutaja jina la mtu. Mzigo ukiachiwa, aliye kwenye nyaraka ampigie aliye bandarini saa hiyo hiyo, halafu aandike kwenye daftari saa aliyopiga. Aliye bandarini akikuta tofauti yoyote kwenye ukaguzi, apige vilevile, na daftari liandikwe. Trei ibaki kwa ajili ya karatasi tu. Utaratibu huu ungetufaa hata kama watu wote hapa wangekuwa ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo hakuna atakayejiona amelengwa. Ukiruhusu, daftari nitalinunua na kulichora mistari mimi.

Nimekuandikia leo kwa sababu wiki ijayo tunategemea kontena 4 za mteja mmoja kwa meli moja, na mteja huyo alishaniuliza mara mbili kulikoni siku hizi tunachelewa. Nilimjibu kwamba tunalifanyia kazi. Sikutaka kumdanganya, ndiyo maana nimekuandikia.

Naomba pia, kama itawezekana, wasijue kwamba limetoka kwangu. Nakaa katikati yao kila siku, na wote wawili wananiamini. Ila ukiona lazima nitajwe ili jambo lisogee, nitaje, nitasimama nalo.

Kama ungependa tuongee, leo natoka saa 11 jioni na kufika Mbagala kama saa 1. Kuanzia hapo simu yangu iko wazi, na nitakuwa peke yangu.

Wako katika kazi,
Zawadi
Dawati la wateja na bili