Nenda Salama, Shangazi

Limeghaniwa Bombo, usiku wa kumuaga shangazi yetu, mbele ya jamaa, majirani na imamu wa msikiti. Kesho anaondoka na mwanawe wa kwanza kwenda hija ya Mfungo Tatu.

Ya Ilahi nakuomba, ulojaa na rehema,
Ukoo wajaza nyumba, wa Arua wanahema,
Shangazi amejipamba, kanga mpya ya heshima,
Nenda salama, shangazi, na salama urejee.

Mola wako amekwita, uwe mgeni Makani,
Ibrahimu aliita, watu wote duniani,
Na sauti imepita, hata Bombo mtaani,
Nenda salama, shangazi, na salama urejee.

Ulidamka jikoni, mandazi ukiyakanda,
Shilingi za barazani, moja moja zikapanda,
Ukiulizwa, "Ni lini?", ulisema, "Akipenda,"
Nenda salama, shangazi, na salama urejee.

Madeni umeyalipa, hata ya duka la kona,
Na wosia umetupa, umeandika bayana,
Msamaha tunakupa, nasi twauomba sana,
Nenda salama, shangazi, na salama urejee.

Chanjo ya uti mgongo, umechomwa mkononi,
Pasipoti tia shingo, mfukoni, kifuani,
Dawa za presha kwa mpango, asubuhi na jioni,
Nenda salama, shangazi, na salama urejee.

Kesho Matuga mwapita, Kawempe hadi mjini,
Jamu isije wapata, amkeni usikuni,
Ziwa litawafuata, hadi Entebe ngazini,
Nenda salama, shangazi, na salama urejee.

Ndege itakapopaa, moyo wako usiruke,
Dua ya safari twaa, pole pole itamke,
Nacho chuma chenye taa, chatii amri yake,
Nenda salama, shangazi, na salama urejee.

Mwanao avae shuka, mbili, zisizo mishono,
Wewe uso kufunika, acha, pia na mikono,
Labeka Mola, labeka, lisikuishie neno,
Nenda salama, shangazi, na salama urejee.

Shangazi, twakufahamu, hupendi kusukumizwa,
Huko wingi wa kaumu, mguu utaumizwa,
Mabishano ni haramu, hijani yamekatazwa,
Nenda salama, shangazi, na salama urejee.

Kaaba ukiiona, machozi usiyafiche,
Saba mkiandamana, mkono msiuache,
Jiweni wakibanana, punga kwa hatua chache,
Nenda salama, shangazi, na salama urejee.

Safa na Marwa ukenda, Hajara umkumbuke,
Akishuka na kupanda, mwana kiu isimshike,
Zamzamu ikatanda, hata leo tuiteke,
Nenda salama, shangazi, na salama urejee.

Siku ya nane ni Mina, katika mahema yale,
Tisa, Arafa mchana, mpaka jua lilale,
Hija yenyewe bayana, ni Arafa, siku ile,
Nenda salama, shangazi, na salama urejee.

Hapo mikono inua, tutaje kila mmoja,
Babu anayeugua, kitandani atungoja,
Dada anayechagua, mume ambaye hajaja,
Nenda salama, shangazi, na salama urejee.

Walolala makaburi, Bombo na kwingine mbali,
Mumeo alokariri, mwende pamoja wawili,
Umtaje kwa uzuri, dua yake iwe mbili,
Nenda salama, shangazi, na salama urejee.

Nchi nayo, angalau, mvua ije kwa wakati,
Vijana usisahau, wapate kazi thabiti,
Bei ya unga, walau, ishuke ifike kati,
Nenda salama, shangazi, na salama urejee.

Muzdalifa okota, vijiwe, Shetani piga,
Nguzo tatu ukikuta, pigapiga bila woga,
Nywele ncha ukikata, miko mingi unaaga,
Nenda salama, shangazi, na salama urejee.

Na ukifika Madina, mpe Mtume salamu,
Za kila wetu kwa jina, wazee hata ghulamu,
Rauda hubanwa sana, subiri ifike zamu,
Nenda salama, shangazi, na salama urejee.

Mizigo si ya kujaza, tende chache zatutosha,
Zamzamu ukiweza, kikombe cha kuonjesha,
Watoto wamekwagiza, saa ya kuadhinisha,
Nenda salama, shangazi, na salama urejee.

Mola, mlinde na joto, na mguu kuteleza,
Msukumano mzito, na njia kuipoteza,
Mrejeshe kwa watoto, mzima, anajiweza,
Nenda salama, shangazi, na salama urejee.

Hija yake ikubali, dhambi zake uzifute,
Kwa magari, si mawili, Entebe tumfuate,
Arejee toka mbali, "Hajati" sote tumwite,
Nenda salama, shangazi, na salama urejee.

Hapa naweka kalamu, imamu ashike dua,
Jamaa, nawaheshimu, mikono tukiinua,
Kisha chakula kitamu, mekoni watapakua,
Nenda salama, shangazi, na salama urejee.