Ukiwa wa Baba na Mama

(Ng'ambo, Unguja, baada ya sala ya isha. Mjukuu yumo ndani ya arobaini. Amempakata mtoto wake mchanga na kumwimbia. Bibi anakunja kanga.)

MJUKUU: «Ukilia waniliza, wanikumbusha ukiwa, ukiwa wa baba na mama…» Bibi, mbona nimekatika sauti? Wimbo huu nimeuimba tangu utotoni.

BIBI: Uliuimba, mwanangu, lakini leo ndiyo mara ya kwanza umeyasikia maneno. Hebu niambie, anayelalamika humo ni nani?

MJUKUU: Nilidhani ni mama, amechoka na kilio cha mtoto.

BIBI: Mama aliyechoka angetaja usingizi, angetaja kazi. Huyu anataja ukiwa, yaani hali ya mtu aliyebaki peke yake, hana baba wala mama wa kumkimbilia, na kilio cha mtoto aliye mikononi mwake ndicho kinachomrudisha huko.

MJUKUU: Basi anayebembelezwa ana wazazi wake, na anayebembeleza hana.

BIBI: Ndivyo alivyonieleza bibi yangu, ambaye mama yake alikuwa yaya katika nyumba ya watu Mji Mkongwe. Yaya huyo aliletwa kwa jahazi kutoka bara akiwa msichana mdogo. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, lakini kufungwa kwa soko hakukuwaacha huru waliokwisha kununuliwa. Amri ya kuondoa utumwa ilitoka mwaka 1897, na hata hapo masuria hawakuingizwa mpaka 1909. Miaka yote hiyo walikuwapo wanawake waliolea watoto wa wenzao bila kujua kama mama zao wangali hai.

MJUKUU: Na hawakuweza kulia?

BIBI: Wangelia wapi? Yaya akionekana na machozi huulizwa ana nini, na jibu lenyewe halisemeki mbele ya bwana. Akiimba, hakuna amuulizaye, kwa sababu nyumba nzima inataka mtoto alale. Mtoto mchanga hashiki maneno, hushika sauti na joto la kifua; kwa hiyo sauti alipewa mtoto, na maneno akabaki nayo mwenyewe.

(Mjukuu anamfunika mtoto miguu. Kimya.)

MJUKUU: Naona vibaya kumlaza mwanangu kwa msiba wa mtu, Bibi. Pengine nimtafutie wimbo mwingine.

BIBI: Hayo ni yako, sikulazimishi. Lakini mimi niliuimba kwa mama yako, na kila nilipofika kwenye «ukiwa» nilipunguza sauti, kama nilivyomsikia bibi yangu akifanya. Yeye alisema mama yake alipafanya hivyo hivyo. Jina lake la kwao halikutufikia. Kilichotufikia ni pale anaposhusha sauti.

MJUKUU: Nionyeshe.

BIBI: Anza wewe, maana amekwisha fumbua macho. Ukifika hapo nitakushika mkono.