Njaa kama Silaha: Kampeni ya Wajerumani katika Vita vya Maji Maji, 1905–1907

Mnamo Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba kwenye shamba la serikali, na kwa tendo hilo wakatangaza vita dhidi ya koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Simulizi nyingi za vita hivyo hukazia mwanzo wake: pamba, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na dawa yake ya maji. Insha hii inachunguza jinsi vilivyomalizwa. Hoja yake ni kwamba njaa iliyoangamiza watu wa kusini ilikuwa mbinu iliyochaguliwa na makamanda, na si tokeo la bahati mbaya la mapigano.

Chanzo cha vita kinaweza kuelezwa kwa ufupi. Kuanzia 1902, utawala wa Gavana Gustav Adolf von Götzen uliendesha skimu ya pamba katika wilaya za pwani na kusini. Wanakijiji walilazimishwa kulima shamba la pamoja chini ya usimamizi wa majumbe na maakida, na ujira ulikuwa mdogo kiasi kwamba wapo waliokataa kuupokea. Kodi ilikuwa imeshaanza kudaiwa kabla ya skimu hiyo. Hata hivyo, pamba peke yake haielezi kwa nini Wangoni, ambao skimu haikuwabana kwa kiwango kile, waliingia vitani. Kwao, uhuru wa kisiasa waliokuwa wamepoteza ulikuwa na uzito zaidi.

Kijeshi, dola ilipata ushindi wa wazi mapema. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905. Tarehe 30 mwezi huohuo, maelfu ya wapiganaji walishambulia boma la Mahenge, wakaangushwa na bunduki za rashasha. Baada ya hapo wapiganaji waliepuka mapigano ya uwanjani, wakajificha porini na kushambulia kwa kuvizia. Askari hawakuweza kuwafuata kila mahali. Kapteni Wangenheim alimwandikia gavana kwamba operesheni za kijeshi pekee zingebaki kama tone baharini, na kwamba njaa na ufukara ndivyo vingewafanya watu wasalimu amri. Kauli hiyo ni ushahidi wenye uzito mkubwa, kwa kuwa imetoka kwa mtekelezaji mwenyewe, tena wakati vita vikiendelea.

Kalenda ya kilimo inaonyesha jinsi mbinu hiyo ilivyofanya kazi. Kusini, mtama na mahindi huvunwa karibu na katikati ya mwaka, na mbegu hupandwa mvua zinapoanza, kuelekea mwisho wa mwaka. Vita vilipozuka, ghala zilikuwa na chakula. Vikosi vilivyopita vijijini kuanzia miezi ya mwisho ya 1905 vilichoma nyumba na ghala na kuteka nafaka. Ghala ikiungua, kaya hupoteza chakula cha miezi ijayo pamoja na mbegu ya msimu unaofuata. Wakulima waliokimbilia porini hawakuweza kupanda, na waliosalia hawakuwa na cha kupanda. Kwa hiyo athari za moto wa siku moja zilienea hadi mavuno mawili.

Inaweza kupingwa kwamba wapiganaji nao walichukua chakula cha raia, na kwamba baadhi ya watawala wa Kiafrika waliusaidia upande wa Wajerumani. Yote mawili ni kweli. Lakini wapiganaji waliishi kwa kutegemea mashamba yaleyale na hawakuwa na sababu ya kuyateketeza kwa utaratibu.

Takwimu zinaitia nguvu hoja hii. Kwa upande wa dola walikufa Wazungu 15 na askari Waafrika 389. Makadirio rasmi ya Wajerumani yalitaja Waafrika 75,000 waliokufa, na wanahistoria wa baadaye wamependekeza idadi kati ya 250,000 na 300,000. Ni vigumu mno kueleza pengo la namna hiyo kwa risasi, hata tukikubali kadirio dogo. Simulizi zilizokusanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 zina thamani ya pekee hapa, kwa sababu ripoti za maboma zilihesabu waliouawa vitani, ilhali wazee walikumbuka pia waliokufa baadaye kwa kukosa chakula.

Ndiyo maana ukomo wa 1907 unahitaji kutazamwa upya. Mwaka huo ni ukomo wa kampeni, kwa mujibu wa kumbukumbu za dola. Katika maeneo kama Liwale, vijiji vilibaki mahame, miombo ikafunika mashamba, na wanyamapori pamoja na mbung'o wakaenea mahali palipokuwa na makazi. Sehemu ya ardhi hiyo baadaye iliingizwa katika pori la akiba la Selous, na wenyeji waliosalia wakahamishwa na serikali ya Waingereza katika miaka ya 1940.