Karatasi za misheni za Septemba: ukumbusho wa kwanza, wa pili na wa tatu

UKUMBUSHO WA KWANZA
Kwa Watsapu, tarehe 7 Oktoba 2025, asubuhi

Yambo Papa Glodi, habari ya kazi? Wa nyumbani wote wazima? Natumaini mtoto amepona malaria na amerudi masomoni.

Nakukumbusha lile nililoomba tarehe 29: karatasi za misheni za Septemba, za yale magari manne ya Kasumbalesa na Kolwezi. Risiti za mazutu, za peaje, na zile fakture mbili za Likasi. Tunafunga mwezi hapa kontabilite, na kwangu pengo lililobaki ni hilo tu.

Najua wiki iliyopita ulishinda Kasumbalesa kwenye ile foleni ya mpakani, ndiyo maana sikutaka kukusumbua njiani. Ukipata nafasi, usijichoshe kupanga kitu. Tia zote ndani ya bahasha moja, hata zilizokunjika, hata zenye mafuta, umpe planto aniletee. Kupanga ni kazi yangu, na kusema kweli naipenda. Ila za peaje uzipige picha leo ukiweza: wino wake unafutika upesi, hasa zikikaa mbele ya kioo cha gari na jua hili la Oktoba.

Zikifika kabla ya Ijumaa tarehe 10, itakuwa vizuri sana. Kama kuna iliyopotea, uniambie tu, tutaandika karatasi ya kueleza. Si jambo la kufa.

Aksanti sana, Papa Glodi. Siku bahasha itakapofika, bukari ya mchana iko juu yangu.

Furaha


UKUMBUSHO WA PILI
Kwa barua pepe, Jumatatu tarehe 13 Oktoba 2025
Kichwa: Karatasi za misheni za Septemba (ombi la 29/9), fakture za Likasi kabla ya kesho mchana

Ndugu Glodi Bahati,

Habari ya asubuhi.

Tarehe 7 nilikuandikia kwa Watsapu, ukanijibu kwa alama ya kidole gumba. Niliichukua kuwa ndiyo. Ijumaa imepita, bahasha haikufika, na Jumamosi nilipokupigia, simu iliita mpaka ikakatika. Sasa naandika kwa barua pepe ili sote wawili tuwe na mahali pamoja pa kuangalia, maana mambo ya kazi kwenye Watsapu yanazama haraka chini ya salamu na video za mahubiri.

Karatasi zinazokosa ni za avansi hizi:

Gari la 3, Kasumbalesa, dola 260
Gari la 11, Kasumbalesa, dola 260
Gari la 5, Kolwezi, dola 640
Gari la 8, Kolwezi, dola 640

Jumla ni dola 1,800. Kwa kila gari nahitaji risiti za mazutu, za peaje za kwenda na kurudi, na za chakula cha shofere kama zipo. Pale mlipolipa kwa franga, tarehe lazima ionekane, kwa sababu ninageuza kwa kiwango cha siku ile, siyo cha leo.

Mbali na hizo kuna fakture mbili za Likasi, ya matairi na ya kutengeneza springi za gari la 8. Hizi ndizo zinazonitia wasiwasi. Kwa pamoja ni dola 1,850 bila kodi, na juu yake TVA ya asilimia 16, yaani dola 296. Deklarasyo ya TVA ya Septemba inapaswa kufika DGI mwisho tarehe 15, keshokutwa. Fakture zikiwa mkononi mwangu, hizo dola 296 zinatolewa kwenye kodi tunayodaiwa. Zikikosekana, kampuni inazilipa. Kwa hizi picha ya simu haitoshi, nahitaji karatasi yenyewe, yenye namba ya kodi ya muuzaji.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, kila moja na siku yake. Fakture za Likasi: kesho Jumanne, kabla ya saa 6 mchana. Risiti nyingine zote: Alhamisi tarehe 16, kabla ya kufunga ofisi.

Kama kuna kinachokuzuia, niandikie hata mstari mmoja. "Zimebaki kwa shofere", "sina", "nitazitafuta Jumatano": jibu lolote kati ya hayo linaniwezesha kupanga kazi. Kimya hakiniwezeshi kitu.

Kesho saa 2 asubuhi nitapita gereji mwenyewe, kabla magari hayajatoka.

Wako katika kazi,
Furaha
Kontabilite


UKUMBUSHO WA TATU
Barua ya kukabidhiwa kwa mkono na kwa barua pepe

Lubumbashi, tarehe 20 Oktoba 2025

Kwa Bwana Mkuu wa Idara ya Magari
Nakala: Bwana Direkta, Mkuu wa Kontabilite

Kuhusu: Karatasi za avansi za misheni za Septemba, dola 1,800. Ukumbusho wa tatu na wa mwisho

Bwana Mkuu,

Niliomba karatasi hizi tarehe 29 Septemba. Nilikukumbusha tarehe 7 Oktoba, kisha tarehe 13. Tarehe 14 saa 2 asubuhi nilifika gereji, na mbele ya fundi mkuu ukaniambia kwamba bahasha iko ndani ya droo yako na kwamba utaituma saa 6. Haikutumwa siku ile. Tarehe 16 nayo imepita, na hadi asubuhi hii sijapokea karatasi hata moja, wala neno.

Deklarasyo ya TVA ilipelekwa tarehe 15 bila fakture za Likasi. Dola 296 zimelipwa, na kuzifuatilia baadaye ni kazi nyingine juu ya kazi. Kwenye ripoti ya mwezi nimeandika sababu kwa maneno haya: "Fakture hazikupokelewa kutoka Idara ya Magari." Sikuongeza neno.

Linalobaki ni zito zaidi, kwa sababu linawagusa watu ambao hawana kosa. Orodha ya mishahara inafungwa Ijumaa tarehe 24. Kila shofere alitia sahihi kwenye boni alipopokea avansi, na boni hiyo inasema wazi kwamba avansi isiyo na karatasi inakatwa kwenye mshahara wa mwezi unaofuata. Leo, kwenye vitabu vyangu, mashofere wa gari la 5 na la 8 wanadaiwa dola 640 kila mmoja, na wale wa gari la 3 na la 11 dola 260 kila mmoja. Unajua kama mimi mshahara wa shofere ni kiasi gani. Ukiondoa 640 hakibaki cha kulipa nyumba wala minervali ya mtoto wa sekondari.

Ijumaa shofere wa gari la 11 alikuja ofisini kwangu. Amesema alikukabidhi risiti zake zote tarehe 22 Septemba, pamoja na daftari la njia. Nimewauliza wenzake watatu, kila mmoja peke yake, wamesema vilevile. Maneno yao yanalingana na ya kwako ya tarehe 14 kuhusu droo. Mtu aliyelala siku mbili ndani ya gari pale mpakani, akatunza karatasi za peaje moja moja mpaka Lubumbashi, hastahili kukatwa pesa kwa sababu zimekaa mahali ambapo yeye hana ufunguo.

Siwezi kuyaweka majina yao kwenye orodha ya makato nikijua hayo. Wala siwezi kufunga avansi bila karatasi, kwa kuwa mkaguzi wa hesabu atakapofungua faili hataniuliza kama nilikuwa na huruma, ataniuliza risiti iko wapi.

Kwa hiyo, baada ya kuzungumza na Mkuu wa Kontabilite, mambo yatakwenda hivi:

Karatasi zinangojewa hadi Jumatano tarehe 22, saa 6 mchana. Ziletwe jinsi zilivyo. Atakayezileta atapewa karatasi ya mapokezi yenye tarehe, saa na sahihi yangu.

Saa hiyo ikipita, kasha halitatoa avansi mpya kwa Idara ya Magari. Gari lililokwisha kuwa njiani litapewa mazutu ya kurudi, kwa idhini ya Direkta. Hakuna shofere atakayeachwa Kolwezi kwa ajili ya karatasi.

Dola 1,800 zitaondolewa kwenye majina ya mashofere wanne na kuwekwa kwenye hesabu ya idara unayoiongoza. Nani atazijibia, ni Direkta atakayeamua. Mishahara ya hao wanne itatoka kamili.

Ikiwa karatasi zimepotea, zote au baadhi, andika hivyo. Nimeambatisha fomu ya kueleza, moja kwa kila gari: njia iliyopitwa, tarehe, kiasi, na sababu ya kukosa risiti, na chini yake sahihi yako na ya shofere. Fomu hizo nitazipokea hadi saa ileile ya Jumatano, si baada yake. Nilikuambia tangu ujumbe wa kwanza kwamba iliyopotea haina shida ikisemwa, na hilo halijabadilika.

Ikiwa kuna jambo kati ya idara zetu, au kati yangu na wewe, ambalo mimi silijui, niko tayari kulisikia, mbele ya Mkuu wa Kontabilite. Karatasi zitangulie.

Nimeambatisha pia nakala za ujumbe wa tarehe 29 Septemba, 7 Oktoba na 13 Oktoba, pamoja na boni nne zenye sahihi.

Kesho Jumanne saa 2 asubuhi planto atafika gereji na daftari la mapokezi. Ukimkabidhi bahasha, utatia sahihi, atatia sahihi, barua hii itawekwa kwenye faili bila hatua nyingine, na avansi za safari za wiki hii zitatoka mchana huohuo.

Kwa heshima,

Furaha
Huduma ya Kontabilite