Barua ya kuomba jibu langu lipokewe ingawa siku zimepita

Likoni, Mombasa
9 Mei 2025

Kwa Katibu wa Wadhamini,
Mfuko wa Pensheni wa Wafanyakazi,
Mombasa.

Bwana Katibu,

KUH: NOTISI YA TAREHE 7 MACHI 2025 KUHUSU MAFAO YA MAREHEMU MUME WANGU

Salamu nyingi. Mimi ni mjane wa mwanachama wenu aliyefariki tarehe 14 Juni 2024. Nawaandikia kueleza kwa nini notisi yenu haikujibiwa ndani ya siku 30 mlizotoa, na kuwaomba mpokee jibu langu, ambalo nimeliambatisha pamoja na barua hii.

Notisi hiyo ilitumwa kwa sanduku la posta la kampuni aliyokuwa akifanyia kazi marehemu, lile la Posta Kuu, 80100. Hiyo ndiyo anwani aliyoiandika yeye mwenyewe alipojiunga na mfuko. Mimi sina ufunguo wa sanduku hilo, wala sikuwahi kuwa nao. Baada ya kutoka eda nilihama nyumba ya kampuni nikaja kwa mama yangu Likoni na watoto watatu, na tarehe 18 Novemba 2024 nilifika ofisini kwenu nikajaza fomu ya kubadilisha anwani. Nilitoa sanduku la dada yangu la Likoni, 80110, pamoja na nambari yangu ya simu. Karani alinigongea muhuri kwenye nakala yangu. Nakala hiyo nimeiambatisha, na tarehe ya muhuri inasomeka vizuri.

Notisi nimeipata Jumanne tarehe 6 Mei. Mzee mmoja aliyefanya kazi na marehemu aliivusha na feri akaniletea nyumbani baada ya magharibi. Alisema ilikuwa kwenye droo ya karani wa kampuni pamoja na barua nyingine za watu walioacha kazi. Bahasha ilikuwa bado haijafunguliwa. Muhuri wa posta ni wa tarehe 11 Machi, yaani siku nne baada ya tarehe iliyoandikwa juu ya notisi, na pembeni ya jina la marehemu mtu ameandika kwa kalamu nyekundu "Hayupo". Niliifungua palepale mbele ya mama. Siku 30 zilikuwa zimekwisha tangu tarehe 6 Aprili.

Kesho yake asubuhi nilipiga simu ofisini kwenu, nikaambiwa jalada limefungwa kwa kuwa mdai hakujibu. Bwana Katibu, neno hilo limeniuma. Sikukaa kimya kwa kupuuza. Mwezi Januari nilikuja kuulizia, nikaambiwa nisubiri barua, nami nikasubiri. Kila Ijumaa dada yangu alikuwa akifungua sanduku lake na kunipigia simu kuniambia hakuna kitu. Tulikuwa tukiangalia mahali tulipowaambia mtuandikie.

Nakiri kwamba sikurudi kwenye kampuni kuwaambia wanipelekee barua zangu. Nilidhani fomu yenye muhuri wenu yatosha, na hadi leo naona ilifaa kutosha.

Mlichokitaka kwenye notisi chote kimo humu: cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote watatu na barua ya chifu. Barua ya chifu niliifuata jana, hizo nyingine nilikuwa nazo tangu mwaka jana. Lau notisi ingefika Likoni mwezi Machi, ningeijibu wiki hiyohiyo.

Kwa hivyo naomba mlifungue tena jalada na kulichukua jibu hili kama lililofika kwa wakati, mkihesabu siku 30 kuanzia tarehe 6 Mei niliyoipokea notisi. Naomba pia anwani ya zamani ifutwe kabisa kwenye kumbukumbu zenu, na barua muhimu ikitumwa, nipigiwe simu au niletewe ujumbe mfupi nijue iko njiani. Iwapo wadhamini wataamua kukataa ombi hili, naomba niandikiwe sababu. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa haki hiyo mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa kiutawala.

Pesa hizi ni jasho la baba yao la miaka 19. Mkubwa yuko kidato cha tatu, na muhula huu amekwenda shule kwa ahadi niliyompa mwalimu mkuu kwamba karo iko njiani. Niko tayari kuja ofisini siku yoyote mtakayoniita, na bahasha yenyewe nitakuja nayo muione kwa macho yenu.

Wako mwaminifu,

Mwanaisha (Mama Zuhura)

Viambatisho: nakala ya fomu ya kubadilisha anwani yenye muhuri, nakala ya bahasha, mbele na nyuma, jibu la notisi pamoja na vyeti vilivyotajwa na barua ya chifu.