Bajeti ya Mradi wa Nyuki, Kikundi cha Wanachama 15, Sikonge, Tabora

Mizinga ya viunzi vya juu 20 × 80,000: Sh 1,600,000
Mavazi ya kinga seti 5 × 90,000 (ovaroli, kofia yenye wavu, glovu, buti): 450,000
Mabomba ya moshi 3 × 35,000: 105,000
Nta ya kuvutia nyuki, waya, grisi ya kuzuia siafu: 120,000
Ndoo 10 zenye mifuniko na vitambaa vya kuchujia: 105,000
Mafunzo siku 3, chakula na posho ya mkufunzi: 450,000
Jumla: Sh 2,830,000

Michango yetu ni 900,000 (60,000 kila mmoja). Tunaomba mkopo wa halmashauri 1,930,000.

Mapato ya mavuno ya kwanza, Juni: si kila mzinga utaingia nyuki. Tumekadiria 12, tuvune 10 tu, kilo 8 kila mmoja, masega mengine wabaki nayo nyuki wenyewe, la sivyo watahama. Kilo 80 × 9,000 ni 720,000. Tukitoa chupa na usafiri 70,000, inabaki 650,000.

Fedha hiyo hairudishi mtaji. Kwa hiyo tunaomba marejesho yaanze baada ya mavuno ya pili.